Aliyeondoka Peke Yake

Nilipoajiriwa ofisi ya utumishi ya maabara moja ya kupima sampuli za dhahabu, Nyahanga, nilirithi fomu ya mahojiano ya kuondoka. Maswali yote yalikuwa ya ndiyo au hapana. "Je, uliridhika na msimamizi wako?" Kila aliyeondoka alijibu ndiyo. Sikuamini. Fomu ilijazwa kabla msimamizi huyohuyo hajasaini makabidhiano, nani angethubutu?

Nikaibadilisha. Mtu akabidhiwe kwanza cheti chake cha utumishi, ndipo aulizwe: Ungekuwa msimamizi, ungeanza kurekebisha nini? Ni jambo gani ulilisema likapuuzwa?

Wa kwanza alikuwa mama aliyesaga mawe ya sampuli kwa miaka mingi.

"Shikamoo, mayu," nilimsalimu, nikimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba, baba. Andika kazi ilikuwa nzuri."

"Hata vumbi lile?"

"Vumbi lipo hata shambani kwetu Masumbwe." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nyie wasomi mnapenda kuchokonoa. Mimi naondoka, binti yangu anabaki kwenye mashine ileile. Andika nilivyokuambia."

Nikaandika. Wiki tatu baadaye nikamtumia ujumbe: "Mama, asante kwa kazi yako. Kama kuna jambo hukulisema siku ile, bado nalihitaji. Jina lako sitalitaja kwa yeyote. Si lazima ujibu."

Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Feni ya kuvuta vumbi ilikufa tangu masika. Walisema, wakaambiwa wavumilie. Asubuhi binti yake anatema makohozi ya kijivu. "Nimekuamini, baba. Mtoto wangu yumo humo."

Jina sikulitaja. Kwenye taarifa niliandika "mfanyakazi mmoja aliyeondoka hivi karibuni amesema." Meneja aliisoma kikaoni, msimamizi akiwa pembeni yake. Tangu mwaka uanze alikuwa ameondoka mtu mmoja tu, mama yule. Mimi, mwenye kuhoji kila kitu, sikujihoji hilo.

Feni ilitengenezwa wiki hiyohiyo. Mkataba wa binti uliisha mwisho wa mwezi, haukuongezwa. Kazi imepungua, walisema. Jumatatu mashine ilikuwa na msichana mwingine.

Ningeweza kusubiri majibu ya watu kadhaa, niyachanganye, asijulikane nani kasema nini. Ningeweza pia kutembea hatua chache hadi chumba cha kusagia, niione feni kwa macho yangu na kuiandika kwa jina langu. Haikuhitaji mama wa mtu aisemee.

Binti alipokuja kuchukua cheti, nilimsogezea fomu. Aliisoma taratibu hadi chini.

"Maswali haya ndiyo uliyomuuliza mama?"

"Ndiyo."

"Na nikijibu mimi, nyumbani amebaki nani wa kufukuzwa?"

Nilianza kusema samahani. Alikuwa ameshasimama, anakikunja cheti mara mbili ili kiingie mkobani. Kwenye nafasi ya majibu niliandika: Hakujibu. Halafu nikakaa nayo, sijui niipeleke kwa nani.