Kurasa Tisa za Usafi

Nilifundisha sarufi miaka thelathini na moja, na tangu nistaafu sijapata wa kumsahihisha ila kuku. Ninao ishirini na wawili juu ya paa la nyumba yangu, hapa kijijini kwetu Fayoum, Misri. Kwa hiyo Daktari Nermin wa mifugo aliponiomba niandike maneno ya video fupi ya simu, ya kuwafundisha wanawake wa kijiji kusafisha vyombo vya maji na chakula vya kuku, nilijiona nimerudishiwa darasa.

"Dakika tatu tu, Abla Inshirah," alisema, kwa jina tunalomwitia mwalimu wa kike. "Maneno mepesi."

Nikaandika kurasa tisa.

Siku nne nilijifungia sebuleni na kalamu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sifa za maji. Ile sentensi ya "osha chombo kila siku" niliihamisha mara tatu, maana ilikuwa inaharibu mtiririko. Paani nilipanda mbiombio tu, nikimwaga chakula juu ya makombo ya jana na kuongeza maji juu ya maji ya juzi. Niliona vifaranga wangu wakubwa, wale kumi na wanne wa wiki sita, wamejikunyata manyoya yamewasimama. Nikasema ni joto. Nikashuka kutafuta neno zuri zaidi la "uchafu".

Siku ya kurekodi tulipanda paani mimi na daktari, akaja pia Umm Rida, jirani ambaye paa lake limeungana na langu. Hajaingia darasani hata siku moja, na huniita Abla kwa sauti ya mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Daktari akainua simu. Nikakohoa, nikaanza: "Enyi wafugaji watukufu, walinzi wa neema..."

Umm Rida alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la maji. Akatia kidole, akakitoa kimevikwa ute wa kijani.

"Abla," akasema, "huu mchuzi wa mlenda, hii molokhia, umewapikia kuku au wageni?"

"Umm Rida, tunarekodi!"

"Rekodi, mama, rekodi. Mimi nauliza tu kama kitunguu saumu kimetosha."

Daktari alikwisha shusha simu. Alimwinua kifaranga mmoja, akamtazama nyuma, kisha akainama kwenye sakafu. Kinyesi kilikuwa na damu.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Nikazipekua kurasa tisa mkononi.

"Ni kuhara damu," akasema. "Beseni liko chini, wanapanda, wanakunya humo humo, halafu wanakunywa. Na chakula hiki kimelowa. Kikiota ukungu nacho kinaua."

"Nitamwaga klorini sasa hivi," nikasema.

"Klorini haiui vijidudu vya ugonjwa huu, Abla. Dawa yao ni kuzuia kinyesi kisifike kwenye maji na chakula, na sakafu iwe kavu. Klorini inasaidia kwa magonjwa mengine, na hata hapo lazima usugue kwanza. Ukiimwaga juu ya ute, umeosha ute."

Umm Rida akakunja mikono ya gauni. "Haya mwalimu, brashi iko wapi? Au nayo iko ukurasa wa saba?"

Ilikuwa ukurasa wa saba kweli. Sikumwambia.

Tulimwaga kila kitu, tukasugua kwa sabuni mpaka beseni likaacha kuteleza, tukasuuza. Tukaloweka dakika kumi kwenye maji yenye klorini, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, tukasuuza tena sana, tukaanika juani. Umm Rida akaleta matofali, akapandisha chombo cha maji na cha chakula mpaka usawa wa mgongo wa kuku. Daktari akatoa dawa ya kutia kwenye maji, mapya kila asubuhi, wasipewe maji mengine.

Vifaranga watano walikufa. Nilipowafukia nilijaribu kumlaumu muuzaji, kisha jua, kisha shomoro. Hakuna aliyekubali lawama, ikabaki kwangu.

Wiki iliyofuata nilimpigia daktari, nikamwomba arudi na simu yake. Safari hii sikuandika kitu. Nilisema: "Mimi Inshirah nimeua vifaranga watano kwa uvivu. Tazameni." Nikaosha mbele ya simu, nikisema ninachofanya. Niliteleza, gauni likalowa, nikatumia kitenzi vibaya, na daktari akakataa kukata kipande hicho.

Video ilienea kijijini kote. Wanawake huniuliza sokoni, "Abla, umeosha leo?" Wengine hucheka, wawili wameniomba niende kuangalia vyombo vyao.

Umm Rida naye kila asubuhi huinama upande wangu wa paa, akatia kidole kwenye maji, akakinusa.

"Leo umefaulu," husema. "Lakini kwa shida."