Mafuta ya Friji

Nyinyi wajukuu mnaosoma haya, mnaolipa stima kwa simu mkiwa mmelala, kaeni sawasawa. Siwaandikii mnionee huruma. Nawaandikia kwa sababu siku moja redio itatangaza ati stima imepanda, na mmoja wenu ataangalia nyumbani ni nani mnyonge wa kumbebesha.

Nyumba yangu ya Matisi, pale Kitale, mnaijua. Wakati huo tulikuwa wanne: mimi, kijana wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mke wake, na mwenzangu. Mwenzangu ni mke mdogo wa babu yenu. Babu alipokufa alibaki peke yake Myanga, kisha akashikwa na sukari, nikamwambia aje. Hatukuwahi kupendana, lakini nilimwambia aje. Alikuja na mkoba mmoja wa nguo na friji ndogo ya zamani, ya kuweka dawa yake ya sindano. Tukaiweka kwenye chumba chake cha nyuma, kile cha mabati matupu bila dari.

Binti yangu anayefanya kazi ofisini Bungoma alipojifungua, nikaenda kumshika mtoto. Nilikaa huko zaidi ya miezi miwili. Niliporudi, binti alinisindikiza na mtoto mgongoni. Tulifika wakati wa chakula cha mchana.

Mwenzangu alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Mbele yake sahani ya ugali na sukuma. Sukuma imechemshwa kwa maji na chumvi, imelala kama majani ya ng'ombe.

Nikamuuliza, "Mafuta yameisha hapa?"

"Yako, dada. Mimi nimeacha yangu kwa filiji."

"Kwa nini?"

"Filiji inakunywa mafuta. Si walitangaza? Mafuta ya stima yamepanda. Sasa mimi ya kwangu ya kupika siweki, ndiyo nisaidie."

Mke wa kijana alikuwa mlangoni. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, mwache tu! Mimi nilimwambia friji yake inakunywa mafuta yetu, yeye akaenda kuchungulia nyuma ya friji kutafuta mahali pa kumiminia!"

Mwenzangu naye akacheka kidogo, vile mtu hucheka akichekwa.

Sikucheka. Nikauliza ni mafuta gani hayo. Kijana alikuwa ameingia kula, akanieleza kama anayemweleza mteja. Kuna pesa ya mafuta ndani ya stima, ya zile mashine zinazochoma mafuta ili kutoa umeme. Redio ilisema imepanda kutoka shilingi tatu hadi nne. "Hiyo ni theluthi, Mama. Sisi hununua tokeni ya elfu mbili na nusu kila mwezi. Theluthi yake ni mia nane na zaidi. Na kabla ya hii friji tulikuwa sawa. Kwa hivyo mama mdogo hutoa mia nane."

"Anatoa wapi?"

"Kwa ile pesa ya wazee ya serikali."

Binti yangu alikuwa ananyonyesha. Akauliza bila kuinua kichwa, "Nne ya nini?"

"Shilingi nne."

"Kwa kila nini? Kwa mwezi? Kwa nyumba?"

Kijana akaendelea kumega ugali.

"Ni kwa uniti, bana. Kila uniti moja mliyokuwa mkilipia tatu za mafuta, mnalipia nne. Ile bei nyingine ya uniti haijaguswa. Wewe umechukua theluthi ya kipande ukaifanya theluthi ya mkate mzima. Mwezi mnatumia uniti ngapi?"

Wakatoa simu, wakajumlisha uniti za tokeni zote za mwezi uliopita. Zilikaribia tisini.

"Sawa. Shilingi moja imeongezeka, serikali inaweka ushuru wake juu, kumi na sita kwa kila mia. Kwa hivyo kila uniti imepanda shilingi moja na senti kumi na sita. Mara tisini?"

Mke wa kijana ndiye alibonyeza. "Mia moja na nne na kitu."

"Hiyo ni ya nyumba nzima. Friji ndogo kama ile, tuseme inakula uniti moja kwa siku. Thelathini kwa mwezi. Nyongeza yake?"

Akabonyeza tena. Haikufika thelathini na tano.

Binti akamhamishia mtoto titi la pili.

"Na hiyo pesa ya mafuta hubadilika kila mwezi," binti akasema. "Mwezi huu inaweza kuwa imeshuka. Kuna aliyeangalia?"

Hakuna aliyekuwa ameangalia. Mke wa kijana akaweka simu chini. "Basi na thelathini na tano si pesa? Mimi sijazaliwa na yeye. Kama anataka friji, alipe friji."

"Na maji yako ya moto?" nikamuuliza.

Maana bafuni kulikuwa na ile showa ya stima. Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye mita kabla hawajaoga, nikasoma uniti zilizobaki. Wakaoga, yeye na mume wake, nikasoma tena. Uniti moja na nusu ilikuwa imeenda na sabuni. Kila siku hivyo, ni arobaini na tano kwa mwezi. Friji haifiki hapo.

Lakini hayo niliyajua kesho yake. Siku ile ile, baada ya chakula, nilimwambia mwenzangu anionyeshe dawa. Tukaenda chumbani kwake. Joto la mabati lilinipiga usoni. Friji ilikuwa kimya. Nikafungua, nikaweka mkono ndani. Kulikuwa na joto kama la mfuko wa koti.

"Mbona imezimwa?"

"Mimi huzima asubuhi, nawasha jioni. Ikunywe kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu walipotangaza."

Binti yangu akatoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akakirudisha. Kisha akapiga magoti na kufungua kile kitambaa cha mguuni. Harufu ikatoka kabla ya kidonda. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Kukhu mdogo," akamwita kama bibi wa mtoto wake, "hii inauma?"

"Haiumi. Ndiyo maana sikusema."

Hospitalini daktari aliuliza dawa ilikuwa inawekwa wapi. Mwenzangu akajibu haraka, "Kwa filiji, daktari. Filiji yao iko sawa." Alikuwa anawatetea. Daktari akasema dawa iliyokaa kwenye joto hivyo ni kama kujidunga maji, na sukari ilikuwa imepanda siku nyingi. Wakakata vile viwili. Baada ya wiki wakarudi wakakata cha tatu.

Mke wa kijana alikwenda kumwona mara moja. Alimpelekea ndizi mbivu, mgonjwa wa sukari. Sijui kama ni ujinga au ni makusudi, na sikumuuliza.

Siku ya kumrudisha nyumbani tulimbeba, mimi nimeshika mabega, kijana miguu. Alikuwa mwepesi. Tulipomlaza akaniita nisogee, akaninong'oneza nimwangalizie kama mwezi huu mafuta yameshuka.

Nikatoka, nikawaita wote wawili sebuleni. Sikukaa. Nikasema:

"Showa ikatwe waya leo hii, anayetaka maji ya moto awashe jiko. Zile mia nane zote mlizochukua, zirudi mkononi mwake kabla hamjala. Friji ihamishwe chumbani kwangu, isizimwe mchana wala usiku. Na wewe mke wa mwanangu, kuanzia leo sindano yake utamdunga wewe, na kidonda utaosha wewe, na chakula chake utakipika kwa mafuta."