Nyumba Zilizoegemeana

Ukikaa kwenye kiti cha kunyolea cha Bi Kuwabara Tokiko, utatoka na kichwa safi na habari za mtaa mzima, isipokuwa habari za nyumba ya kushoto. Kwa Bi Tokiko, nyumba ya kushoto haikuwepo. Sisi tuliona paa, madirisha, na Mzee Onizuka akianika soksi zake. Yeye aliona uwanja mtupu.

Kosa la Mzee Onizuka lilikuwa hili: siku moja alinyolewa kwa kinyozi wa stesheni. Bi Tokiko alikuwa anarudi sokoni na baiskeli, kapu limejaa vitunguu vya majani, akamkuta mlangoni pa yule kinyozi. Mzee, kwa adabu zake, akavua kofia kumsalimia. Hapo ndipo alipojiharibia.

"Hata kisogo kilikuwa kimechongwa!" Bi Tokiko aliniambia. "Hatua chache tu kutoka kwake hadi kwangu, halafu anapanda basi kwenda kupeleka kichwa stesheni!"

Basi wakanuniana miaka na miaka. Mimi ni mteja wake wa siku nyingi, naishi nyumba inayotazamana na yake, na nimeyaona yote.

Mzee Onizuka alikuwa mtu wa meli ya kufyonza mchanga. Mtaa wetu wote zamani ulikuwa bahari, ghuba ya Tokyo yenyewe. Meli yake ilivuta mchanga na maji kutoka chini, ikavimwaga nyuma ya ukuta wa zege mpaka pakawa nchi kavu. Akilewa kidogo alipenda kutuambia, "Ninyi nyote mnakaa juu ya kazi yangu."

Siku ya tetemeko, alasiri ya Machi, nilikuwa kwenye kiti, upande mmoja umekatwa na mwingine bado. Mikasi ikaanza kugongana kwenye kikombe. Tukangoja ipite, haikupita. Bi Tokiko akanishika mkono, tukatoka nje, mimi na taulo shingoni.

Nyumba ziliyumba kwa muda mrefu sana, lakini hakuna hata moja iliyoanguka. Kilichotushangaza kilikuwa chini. Lami ilipasuka, na katika nyufa yakatoka maji ya kijivu, mazito kama uji, yakibubujika na kujenga vichuguu vidogo vyenye tundu juu. Chemba ya maji taka iliyokuwa mbele ya mlango wangu ikaanza kupanda, na mfuniko wake kichwani, mpaka ikanifika kiunoni. Gari la muuza tofu, ile jibini ya soya, likazama magurudumu. Na nyumba ya Bi Tokiko, bila kuvunjika hata kigae kimoja, ikalala taratibu upande wa kushoto, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano.

Na ya Mzee Onizuka ikalala upande wa kulia.

Zikasogeleana juu, zikasogeleana, mpaka upenu wa Bi Tokiko ukaingia chini ya gata la jirani, ule mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa. Kwaa! Zikatulia hapo, zimeshikana mabega.

Mzee alikuwa amesimama barabarani na kandambili moja. Bi Tokiko akamgeukia, na hayo ndiyo yakawa maneno yao ya kwanza baada ya miaka yote ile:

"Onizuka! Iondoe nyumba yako juu yangu!"

"Yangu? Yako ndiyo imeanza kuja!"

Jioni televisheni ikatuonyesha kilichotokea kaskazini, yale mawimbi ya bahari yaliyofagia miji mizima. Sisi tulikuwa na matope viatuni, na tulikuwa hai. Baada ya hapo hakuna aliyelalamika kwa sauti kubwa.

Lakini maisha ya kwenye mteremko yana vituko vyake. Bomba zilikuwa zimekatika chini, choo hakikufaa, maji tulipanga foleni na ndoo. Kutwa tulizoa mchanga kwa koleo. Na ndani ya nyumba, kichwa kilizunguka. Macho yanakwambia ukuta umesimama wima, miguu inabisha. Nilimkuta Bi Tokiko amelala sakafuni dukani mwake na kitambaa usoni.

"Nimelewa," akasema. "Na sijaonja hata tone."

Kibaya zaidi ni kile kiti. Kilikuwa cha kuzunguka, na sasa kila alipomkalisha mteja, kiti kiligeuka chenyewe, polepole, kikaenda kutazama dirisha la kushoto. Yaani nyumba ya Mzee Onizuka. Anakirudisha kwenye kioo, kinageuka tena.

"Hata kiti kimenisaliti," alisema.

Siku moja Mzee akaonekana mlangoni. Amebeba ndoo iliyojaa mchanga wa barabarani na maji, na tofali, na mpira mdogo wa tenisi ya meza. Nywele zilikuwa zimemfika masikioni.

"Bi Tokiko, nasikia unawaambia watu nimewauzia bahari."

"Sijasema bahari. Nimesema uji."

"Basi tazama kabla hujanitukana vizuri." Akaweka ndoo sakafuni. Mpira akaufukia ndani ya mchanga, tofali akalisimamisha juu. "Sukuma hilo tofali."

Akalisukuma kwa kidole. Halikuzama.

"Gumu, sivyo? Chembe za mchanga zimeshikana, hii imekaa juu ya hii, zimeubeba mzigo. Lakini zimekaa ovyo, kuna nafasi nyingi katikati, na nafasi zimejaa maji. Sasa nipe mgongo wa brashi yako."

Akaanza kugonga ndoo ubavuni, ko-ko-ko-ko. Uso wa mchanga ukang'aa kwa maji. Tofali likayumba, likalala upande, likazama nusu. Mpira ukachomoza kama kichwa cha muogeleaji.

"Mama yangu!" nikasema. "Chemba yangu!"

"Ndiyo, chemba yako. Ina hewa ndani, ni nyepesi kuliko huo uji, ikaelea. Nyumba ni nzito, ikazama. Ukitikisa, chembe zinataka kujipanga zibanane. Maji yako katikati, hayana muda wa kutoroka. Basi yanabanwa yenyewe, yanasukuma, mzigo wote unahamia kwao. Chembe zinaachana mikono. Na maji, Bi Tokiko, hayawezi kusimamisha nyumba. Baadaye yanapata njia ya kutokea juu, ndivyo vile vichuguu, halafu mchanga unatulia, unakuwa mgumu tena. Ila nyumba inabaki ilivyolala."

Bi Tokiko alilitazama tofali. "Na kwa nini nyumba yangu imekulalia wewe? Na nafasi yote ile iko upande wa pili!"

"Hapa katikati yetu udongo umebeba mimi na wewe pamoja. Umeelemewa zaidi, ndipo tunapozama zaidi."

"Kwa hiyo kosa ni uzito wako."

"Na wako."

Nikadhani tumekwisha. Lakini yeye alikuwa hatazami tofali tena, alikuwa anatazama masikio ya mzee.

"Yule wa stesheni kafunga?"

"Sijaenda. Nimeona aibu kwenda hivi."

"Kaa."

Akakaa. Kiti kikageuka, kikamwelekeza dirishani atazame nyumba yake mwenyewe. Bi Tokiko akakishika kwa goti na kuanza kazi.

"Nieleze kitu kimoja," akasema, mkasi ukilia. "Ulinikimbia kwa nini?"

Mzee akajibu akiwa anatazama dirishani. "Ulikuwa unanisimulia habari za kila mtu. Nikawaza, basi na zangu zinasimuliwa kwenye kiti hikihiki."

Mkasi ukanyamaza. Mimi nikajitia kusoma gazeti la zamani.

"Zilikuwa zinasimuliwa," Bi Tokiko akakubali. "Lakini kwa mapenzi."

Alipomaliza, nywele zilikuwa zimenyooka kabisa ukilinganisha na sakafu. Mzee alipotoka nje penye usawa, kichwa chake chote kilikuwa kimeelemea upande mmoja. Mtaa ulicheka mpaka tukasahau foleni ya maji.

Fundi wa kuinua nyumba, Bwana Shiomi, hakufika mpaka majira ya joto, kwa kuwa kila mtaa ulikuwa unamgombea. Alizunguka nyumba zote mbili, akachungulia pale upenu ulipoingia chini ya gata, akakuna kidevu.

"Nikiinua moja peke yake, itaing'oa nyingine paa. Lazima ziende pamoja, kidogo huku, kidogo kule. Na mtakaa ndani, kila mmoja na bakuli la maji mezani, mniambie linavyokwenda."

"Huna pimamaji?" Mzee akauliza.

"Ninayo. Ila nikiwapa kazi mtaacha kuja kuniuliza maswali."

Wakachimba chini ya misingi, wakapanga jeki juu ya vipande vya zege. Siku yenyewe madirisha ya pande zote mbili yalikuwa wazi, na sisi wengine tumeketi barabarani kama tuko kwenye mieleka.

"Pandisha!" Fundi Shiomi anaita.

"Bado!" anapiga kelele Bi Tokiko. "Maji yangu yako kwa Onizuka!"

"Simamisha! Simamisha!" anajibu Mzee. "Unanitikisa mpaka meno!"

"Mzee, tulia, hiyo ni jeki ya jirani!" anasema Fundi.

"Basi jirani asimame!"

Nyumba zilipanda polepole kiasi kwamba hukuziona zikienda, ulisikia tu mbao zikiguna. Kisha upenu ukachomoka chini ya gata. Mwanga ukapita katikati yao kwa mara ya kwanza tangu Machi, paka akapita naye. Tukapiga makofi. Bi Tokiko akaja dirishani na bakuli lake mikononi, analia na kucheka, maji yamemlowesha nguo yote.

Fundi Shiomi alipokuwa anafungasha vyombo, akatuonya. "Nimeinua nyumba. Mchanga sijauponya. Ukitikiswa sawasawa, utafanya vilevile."

Dawa ilikuwepo. Wakubwa wa mji walikuwa wanapendekeza kuta za saruji zishushwe ardhini kuizunguka kila nyumba, mchanga ugawanywe kama keki ndani ya visanduku, usipate nafasi ya kuchezacheza. Sharti lilikuwa moja: kila nyumba ya safu ikubali. Safu yetu yote ilikubali, kasoro Bwana Umezawa wa pembeni, ambaye nyumba yake ilikuwa imeinama kidogo tu.

"Mimi silewi," alikuwa akisema. "Kama ninyi mnalewa, poleni."

Bi Tokiko na Mzee Onizuka walimwendea pamoja, wakapewa chai na ahadi ya kufikiria. Wakamwendea tena, akawa bado anafikiria.

Mwisho Bwana Umezawa alikuja kunyolewa ndevu. Mzee Onizuka alikuwa kwenye benchi, ameshalifanya duka kijiwe chake. Bi Tokiko akampaka povu, akanyoa shavu moja safi kama yai, akasimama. Akaufuta wembe. Akaketi.

"Mbona umeacha?" Bwana Umezawa akauliza.

"Nafikiria," akasema Bi Tokiko.

"Kufikiria kunachukua muda," Mzee akaongeza. "Unajua mwenyewe."

Bwana Umezawa akajitazama kwenye kioo, nusu mtu, nusu povu. Akatazama nje, kulikojaa watu. Akatutazama sisi. Kisha akaanza kucheka, mabega yakimtingishika, na povu likamwingia mdomoni.

"Haya! Nakubali! Nimalizie!"

Mitambo ilikuja, ikachimba na kunguruma kati ya nyumba zetu, vikombe vikacheza makabatini. Tetemeko kubwa kama lile halijarudi, kwa hiyo zile kuta hatujaziona zikifanya kazi, na hatuna haraka. Wiki iliyopita nilipokwenda kukata nywele, wale wawili walikuwa wanabishana kama supu ya miso, ile ya rojo la soya, itiwe vitunguu kabla au baada ya kuchemka. Nilingoja zamu yangu muda mrefu sana.