Bibi Arusi Aliyetoka Mweupe

Pale Kataki, mjini Kalemie, msichana hakwenda kanisani kufunga ndoa kabla uso wake haujapita mikononi mwa Mama Henriette. Alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja karibu na dirisha, na maneno mengi. Mume wake, Papa Omer, alikuwa mutu wa gari la moshi, na Mungu alimjalia safari nyingi za Kabalo, ambako kulikuwa kimya.

Fahari kubwa ya Mama Henriette ilikuwa poda. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma, nyeupe pe, laini kama moshi. Aliipaka mwisho kabisa, juu ya mafuta na rangi, ili jasho lisije likaharibu kazi yake, maana joto la kanisani haliheshimu sakramenti. Na ajabu yake ilikuwa hii: ukimpaka msichana mweusi poda nyeupe, ukaifuta kidogo, ukamgeuza dirishani, weupe huuoni tena. Mama Henriette alieleza kwa sauti ya daktari kwamba ngozi imeinywa.

Ngozi haikunywa kitu. Poda ilikuwa palepale juu, imetulia, inamngojea Papa Gaspard.

Huyu Gaspard alikuwa mupiga foto wa karibu na gare, pale gari la moshi linaposimama. Miaka yote aliwapiga maarusi nje, kwenye ngazi za kanisa, jua likiwa usoni, na hakuna aliyelalamika isipokuwa kwa kukunja macho. Kisha akapata flashi. Kuanzia siku hiyo mutu mwenye heshima zake hakukubali tena foto ya nje kama mbuzi. Kila mumoja alitaka ya ndani, mbele ya altare, na ile radi ndogo iwake mupaka wazee wa kwaya wapoteze noti.

Wa kwanza kubarikiwa alikuwa Elisabeth, aliyeolewa na Lambert wa forodha. Foto ilipotoka, shingo ilikuwa ya Elisabeth, mikono ilikuwa ya Elisabeth, lakini uso haukujulikana ulikuwa wa nani. Chini ya macho, puani na kwenye paji, weupe ulikaa kama majivu kwenye jiko lililozimika. Mama mukwe aliiangalia kwa muda mrefu. Halafu akauliza kwa upole mukubwa kama bibi arusi alikuwa akisonga bukari asubuhi ile, na unga umemurukia.

Neno hilo lilitembea kuliko gari la moshi. Wasichana wawili waliofuata walijikumbusha ghafla kwamba Mama Emérance, mupambaji wa maarusi kule bandarini, alikuwa jamaa yao. Emérance hakujua kazi ya poda, na kwa ujinga huo aliokoka: maarusi wake walitoka waking'aa kama samaki aliyetoka kwenye mafuta, lakini angalau samaki yule alifahamika ni nani. Mama Henriette alibaki na mumoja tu, Viviane, binti ya Papa Augustin wa kwaya. Huyu naye akitoka mweupe, kile kiti kitarudi jikoni kukaliwa na kuku.

Basi akajifunga kitenge vizuri, akaenda kwa Gaspard kumushitaki.

“Papa Gaspard, ile taa yako ina ugonjwa. Inachubua batoto ya batu.”

“Taa yangu inapiga bote sawa, Mama. Padiri Valère alisimama karibu na bibi arusi. Yeye iko mweusi vilevile. Alipaka poda?”

Mama Henriette alisema hayo si maneno ya kumusema padiri. Wakabishana mupaka Gaspard akachoka, akamwambia alete poda zake, wajaribu kwa uso wowote. Uso uliokuwapo ulikuwa mumoja. Akaketi yeye mwenyewe, mgongo umenyooka kama mutu anayepigwa foto ya kadi ya chama. Upande wa kuume alijipaka ile ya Kigoma. Upande wa kushoto akaweka nyingine, ya kahawia kama ngozi yake, ambayo dada yake alimuletea kutoka Bujumbura na yeye akaificha chini ya kikapu, kwani nani anataka kuolewa na rangi aliyozaliwa nayo? Kwenye kioo pande zote mbili zilikuwa sawasawa. Flashi ikawaka.

Gaspard aliingia kwenye chumba chake cha giza, akaosha filimu, akatoka na utepe uliolowa na kuunyanyua dirishani. Mama Henriette akaona: upande wa kushoto mweupe mweupe, na ule wa Kigoma mweusi ti.

Furaha yake haikuwa ndogo. Alimueleza Gaspard kwamba yeye ameisha kusema, poda yake haina neno, ni hiyo ya kahawia njo inaharibu batu. Alimusamehe hata kwa makosa ambayo hakufanya. Gaspard alimuacha afaidi. Alipomaliza, akamwambia kwamba ule utepe ni negatifu, na kwenye negatifu mambo yote ni kinyume: mweusi anatoka mweupe, mweupe anatoka mweusi. Akarudi gizani kupiga foto ya karatasi, na alipoileta, Mama Henriette aliona nusu yake na nusu ya mzimu wa nyanya yake.

Akashika ncha ya kitenge, akaanza kupangusa shavu la kuume.

Gaspard akaeleza. Mwanga wa dirisha unakuja polepole, kwa ubavu, na hauna maneno. Flashi inatoka palepale kwenye kamera, inagonga kila punje ya poda usoni na kurudi ilikotoka. Punje nyeupe inarudisha mwanga wote. Ile yenye rangi ya ngozi inarudisha kama ngozi.

Asubuhi ya ndoa ya Viviane, Mama Henriette alifanya kazi kama anayeshona jeraha. Mafuta kidogo. Rangi ya uso akailinganisha na shingo, si na ndoto za watu. Akafyonza mng'ao kwa karatasi laini. Ile poda ya kahawia aliigandamiza kwa pamba, puani, kwenye paji na kidevuni tu, akapangusa iliyozidi kwa brashi, halafu akakamua kitambaa chenye maji na kukibandika usoni taratibu, mupaka poda ikashikana na ngozi isionekane kama vumbi.

Hapo ndipo shangazi wa bibi arusi alipofungua mdomo. Mama Lucie alikuwa ametoka Manono na mkebe wake wa poda nyeupe, na aliuliza kama Viviane anaolewa ao anakwenda kulima muhogo. Aongezwe weupe, watu wa bwana arusi wasiseme wamepewa mukaa.

Mama Henriette alijua kwamba ulimi wa shangazi ungefika sokoni kabla ya foto. Mkono wake uliukaribia ule mkebe. Kisha ukarudi.

“Shangazi, uso wa Viviane iko mikononi mwangu mupaka kanisani. Wako ni wako.”

Mama Lucie aliyachukua maneno hayo jinsi yalivyo. Alijimiminia mkebe usoni kwa hasira, na kanisani hakukosa foto hata moja, akiwa kando ya bibi arusi, kidevu juu, ili vizazi vyote vione uso uliotengenezwa.

Wameona. Gaspard aliitundika foto kubwa dirishani kwake: Viviane kahawia, uso na shingo ni vya mutu mumoja, ngozi imetulia, na begani pake kitu cheupe chenye hereni. Papa Augustin aliuliza ni masista gani wa Kizungu waliokuja arusini. Mama Lucie alituma ujumbe kwamba flashi ni mbovu, na kwamba akatwe kwenye hiyo foto. Gaspard akajibu kwa heshima zote kwamba haiwezekani, ameshikana na bibi arusi kabisa.

Wiki hiyohiyo wasichana walikuwa wakisimama mbele ya dirisha lile, wanaonyesha kwa kidole: mimi nataka kama huyu, si kama yule. Halafu walikwenda kwa Mama Henriette, ambaye aliwaeleza, bila kuona haya hata kidogo, kwamba yeye tangu zamani aliisema vibaya ile poda nyeupe.