Kibubu cha Slaidi ya Sita

Madam alinikuta nikikaanga chapati nje ya geti la flati za Bugolobi, nikibishana kwa Kiswahili na dereva wa lori wa Kongo aliyetaka chapati ya jana kwa bei ya jana. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama najua kuandika Kiswahili jinsi ninavyokisema. Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne Kenya na kuandika sikusahau, nilichosahau ni kulipwa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia ofisini kwake, chumba kimoja ghorofa ya pili chenye feni na kochi jeupe ambalo sikuruhusiwa kulikalia kwa sababu ya mafuta. Kazi yao ilikuwa kutengeneza matangazo ya kwenye simu. Kulikuwa na ushirika mmoja wa kuweka akiba uliotaka Wakongo na Wakenya wa Kampala wajifunze tabia moja tu ya kuhifadhi pesa. Moja, si kumi. Zingekuwa picha za kutelezesha kwa kidole, ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila slaidi mstari mmoja mfupi. Mstari ukivunjika ukawa miwili kwenye simu ndogo, Madam alisema, mtu kashapita, kaenda kuangalia harusi ya watu. Slaidi ya kwanza kazi yake ni kusimamisha kidole. Za katikati kila moja hatua moja. Ya mwisho ndiyo malipo ya macho.

Malipo yangu yangekuwa kwa mstari. Nilifurahi, nikidhani mistari mifupi ni kazi fupi. Sikujua kwamba kukata neno kunauma kama kukata kucha hadi kwenye nyama.

Tabia waliyoitaka sikuhitaji kuitafuta. Nilikuwa nayo chini ya kitanda changu Katwe. Kwetu Katwe mafundi wa kuchomelea huunda vibubu vya bati, sanduku dogo lililochomelewa pande zote, lina tundu la kupitishia pesa na hakuna mlango. Ukitaka chako, unakivunja, na kikivunjwa kimekufa. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mwanamume anayejua ulipo. Baba wa mwanangu aliporudi Kenya alibeba simu yangu na jiko la gesi. Kibubu alikitikisa, akakikuta kizito kukificha kwenye begi, akakiacha.

Kila asubuhi, noti ya kwanza niliyouzia niliitenga iwe ya humo kabla sijanunua hata unga. Ilipokuwa sarafu, nilingoja noti. Mwanangu wa miaka minne ndiye aliyekuwa akiitia, jioni, ameikunja mwenyewe kwa vidole vyake vidogo kama anakunja sambusa. Alijua ni ada yake na yunifomu. Shule ya chekechea ya mtaani kwetu ilitaka ada ya muhula wote mkononi siku ya kufungua, au nafasi inakwenda kwa mtoto wa pili. Mwalimu mkuu alinieleza hilo akitabasamu, na sijawahi kuona meno yakisema kitu kibaya hivyo.

Basi nikaandika. Slaidi ya kwanza: *Pesa yako inaisha kabla ya jioni?* Ya pili: *Tafuta kibubu kisicho na mlango.* Ya tatu: *Pesa ya kwanza ya siku ni yake.* Ya nne: *Kiasi kilekile, hata siku mbaya.* Ya tano niliandika *Usimwonyeshe mume.* Nilipomfasiria, Madam akaifuta. Alisema hatutaki kuwaudhi waume, wao ndio wenye bando. Nikaandika *Usikichungulie, usikitikise,* ikakubalika. Ya sita: *Siku yake ikifika, kivunje.*

Msichana wa kupanga picha, mwenye kucha ndefu zilizogonga meza kabla ya vidole vyenyewe, aliipanga mistari yangu juu ya rangi ya chungwa. Niliziangalia slaidi kwenye simu yake nikaona aibu jinsi zilivyokuwa nzuri. Madam alizisoma kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, akasema nina mkono. Akasema ushirika ukipenda, atanichukua moja kwa moja, niache moshi. Ila slaidi ya sita ilikuwa imelala. Alitaka picha ya kweli, kibubu cha kweli kikivunjwa. Aliniuliza changu nakivunja lini.

Nilimwambia Jumamosi, kwa sababu shule inafunguliwa Jumatatu.

Akasema Jumamosi atakuja na kamera.

Sioni kosa langu hapo, na wanaoliona wakae nalo. Siku ilikuwa ileile, mahali palepale, kibubu kingevunjwa hata asingekuja mtu.

Alikuja Katwe kwa gari na yule msichana wa kucha, akaliacha mbali kwa sababu ya matope, akapita kati ya vibanda vya mabati ameinua gauni kama anavuka mto. Fundi wangu, mwanamume mnene aliyekitengeneza kibubu kile kwa mikono yake, alikuwa tayari ameshika tindo na nyundo. Kibubu cha noti hufunguliwa hivyo. Unakiweka kwa ubavu, unaingiza tindo kwenye mshono, unagonga taratibu, mshono unaachia, pesa inatoka nzima. Kila mtu mtaani anajua. Moto ni wa vibubu vya sarafu.

Fundi alipogonga mara mbili tatu, Madam aliangalia kupitia kamera ya yule msichana na kusema hakionekani kitu. Inaonekana kama mtu anapasua nazi. Akauliza kama fundi hana kitu kinachotoa cheche.

Fundi alikuwa na grenda, ile mashine ya diski ya kukatia chuma. Hakuna mtu wa Katwe asiye na grenda. Nikasema hapana, ndani kuna noti, zimejaa hadi juu. Nilisema kwa Kiswahili kwa fundi na kwa Kiingereza kwa Madam, ili asije mmoja akasema hakusikia.

Madam akamwambia fundi kibanda chake kitaonekana chote, na namba yake ya simu wataiandika chini. Nikaona tumbo lake likipanda. Watu walikuwa wameshajaa, na mtu mnene akiangaliwa na watu wengi hukumbuka kwamba zamani alikuwa kijana.

"Nyabo, usiogopa," aliniambia, yaani mama, kwa Kiswahili chake cha Kiganda. "Mimi nakata juu-juu tu. Ngozi tu. Ndani hapana gusa."

"Tumia tindo," nikasema.

"Wewe unajua kukaanga chapati," alisema, na watu wakacheka. "Mimi naingia jikoni yako?"

Niliweka mkono juu ya kibubu. Madam akaja karibu, akanishika bega kwa upole, akaninong'oneza kwamba bila slaidi ya sita hakuna kazi, na bila kazi hakuna malipo ya zile tano. Alisema hivyo jinsi unavyomkumbusha mtu kwamba mvua inakuja. Mwanangu alikuwa amenishika sketi, akiwa amevaa viatu vya kanisani kwa sababu nilimwambia leo ni leo.

Nikaondoa mkono.

Cheche zilikuwa nzuri. Siwezi kudanganya. Zilipanda mpaka kwenye paa na msichana wa kucha alipiga picha mfululizo akisema ndiyo, ndiyo, hapo hapo. Kisha sauti ya bati ikabadilika ikawa laini, kama kisu kinapotoka kwenye mfupa na kuingia kwenye nyama, na kila mtu aliyesimama pale akajua diski imefika wapi. Moshi ulitoka kwenye tundu, mwembamba, wa kijivu. Fundi akazima. Mtu mmoja mwenye akili ya kuku akamwaga maji ya dumu.

Tulipokibandua, noti za juu zilikuwa zimekatwa katikati na kuungua kingo. Za kati zilikuwa zimeshikana kwa maji na masizi. Za chini, zile za mwanzo kabisa, ndizo zilizotoka nzima. Mwanangu alichutama akaanza kuokota nusu nusu na kuzikunja.

Fundi alisema pole. Alisema bati lilikuwa jembamba. Bati alilolichagua yeye.

Madam alikuwa anaangalia picha. Aliniita nione, kweli aliniita, na akasema slaidi ya sita imetoka bora kuliko zote alizowahi kutengeneza. Halafu akasema kitu ambacho nitakwenda nacho kaburini. Alisema labda tungeongeza slaidi ya saba, *Tumia sarafu tu*, nikiweza kuitengeneza iwe na utamu kidogo.

"Kwa bei ya mstari?" nikamuuliza.

"Bila shaka," akasema. Hakuona kitu.

Nikamwambia ninao tayari. Nikausema pale, kwa Kiswahili, mbele ya mtaa mzima, na ulikuwa mfupi, na ulimhusu mama yake. Wanaume walipiga makofi. Msichana wa kucha alijifanya anafuta kioo cha kamera. Madam alimuuliza nimesema nini, naye akajibu kwamba ni methali.

Benki ilinipokelea noti chache kati ya zilizoungua, nyingine wakanisukumia chini ya kioo kwa ncha ya kalamu. Jumatatu nilikwenda shuleni na zile nilizokuwa nazo, na mwalimu mkuu akatabasamu. Kulikuwa na mama mwingine nyuma yangu kwenye foleni, ameshika bahasha. Nilimchukia kama nilivyomchukia Madam. Hakuwa amenikosea kitu. Mtoto wake alikuwa na mkoba mpya wenye magurudumu, akauburuta juu ya mguu wa mwanangu.

Malipo ya slaidi yalikuja wiki ile ile kwenye simu. Yalikuwa ya mistari mitano. Nikapiga. Madam alinieleza kwamba picha ya sita ilikuwa na nguvu sana, wakaona waiache bila maandishi, na tulikubaliana kwa mstari, siyo kwa picha. Hata hakuwa na hasira. Kuhusu kazi ya kudumu alisema nina mkono mzuri ila nina mdomo.

Kwa hiyo mwanangu anakaa chini ya meza yangu ya chapati Bugolobi, muhula huu na labda ujao, akicheza na unga. Madam siku hizi anatumia geti la nyuma. Nimenunua kibubu kingine, kwa fundi mwingine, bati zito. Noti ya kwanza ya siku inakwenda humo, kwa sababu tabia yenyewe ni nzuri, laana iwashukie walionifundisha kuichukia.

Juzi mwenye nyumba wangu, mama wa makamo ambaye hugonga mlango kwa pete, alinitumia ujumbe. Kodi ilikuwa imechelewa. Zilikuwa picha za kutelezesha, rangi ya chungwa, na juu yake ameandika: *Soma hii mwanangu, itakusaidia.*

Nilizitelezesha zote. *Pesa yako inaisha kabla ya jioni?* Mwanangu alikuwa amelala kifuani kwangu akiangalia. Tulipofika kwenye cheche aliweka kidole juu ya kioo, palepale kwenye bati, akasema, "Chetu."

Nikamjibu mwenye nyumba kwamba mimi ndiye niliyeziandika.

Alinirudishia nyuso za kucheka mpaka machozi, safu nzima. Kisha mstari mmoja, mfupi, hata Madam angeulipia:

*Basi kodi iko wapi?*