Alama Moja katika Noti za Radhia

Darasa letu zima husomea noti za Radhia, binti wa fundi gari wa Buyenzi. Slaidi za mwalimu zilisema badiliko la nishati ya gesi ni joto kujumlisha kazi. Kitabu kilisema joto kutoa kazi. Radhia alikasirika, akaandika kanuni ya kitabu juu ya mifano ya slaidi, nasi tukatoa fotokopi arobaini.

Asubuhi ya mtihani alinishika mkono.

"Odette, kanuni zote mbili iko sawa! Kitabu kinahesabu kazi inayofanywa na gesi, mwalimu anahesabu inayofanyiwa gesi. Mi ndiye nimechanganya!"

Akakimbilia ubaoni, akaandika: JUMLISHENI. Wenzetu wakakata alama ya kutoa katika fotokopi zao huku wakimlaani.

"Na wenzetu wanaofanyia mtihani chumba cha pili?" niliuliza.

Mlango wao ulikuwa umeshafungwa.