Lita Mbili za Mama Hilda

Mama Hilda alikuwa ananichosha. Nasema wazi, sina haja ya kumumunya maneno. Kafanya kazi ya unesi miaka thelathini, kastaafu, yuko Njombe na shamba lake la viazi, na kila mwezi analiandikia jarida la ligi yetu ya vijana safu ya chakula na maji. Mimi, Rabson, ndiye katibu wa ligi na ndiye ninayepanga hilo jarida. Safu yake haikuwa na hata sentensi moja iliyosimama wima.

"Kula chakula cha kawaida, ugali au viazi, maharage na mboga, masaa matatu hivi kabla ya mechi. Mechi ikikaribia, kula kidogo, hata ndizi moja. Huenda tumbo lako likakataa, kwa hiyo jaribu kwanza siku ya mazoezi."

Huenda! Makocha walitaka siri ya ushindi, yeye anawapa huenda. Kuna muuza parachichi alitaka tuandike kwamba parachichi linaongeza mbio. Mama Hilda akacheka. "Parachichi ni chakula kizuri, mwanangu. Mbio kijana aongeze mazoezini." Akagoma kabisa.

Safu ya mwezi wa kumi ilihusu maji. Aliandika kwamba kwa baridi yetu ya Njombe kijana anaweza kucheza bila kuhisi kiu, kwa hiyo anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, na tena wakati wa mapumziko. Kiasi gani? "Inategemea mwili wako, jua na jasho. Usijilazimishe."

Nikampigia simu. "Shikamoo mama. Lita ngapi?"

"Marahaba. Inategemea, Rabson."

"Makocha wanataka namba!"

"Namba moja haiwezi kuwafaa watoto wote."

Nilikata simu nimefura. Ukurasa ulikuwa umejaa na mchapaji ananisubiri. Nikafuta yote hayo ya kidogo kidogo na inategemea, nikaweka: "Kunywa lita mbili kabla ya mechi." Jina lake nikaliacha pale chini. Nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi tukateremka Makambako. Jua kali, na upepo unatujaza vumbi machoni. Nusu saa kabla ya mechi, kocha Masumbuko akawapanga vijana, kila mmoja na chupa zake. "Malizeni! Mama Hilda kasema!" Wajanja walimwaga nyuma ya gari. Ambrose, beki wetu wa miaka kumi na sita, ni mtoto msikivu. Alimaliza zote, na mapumziko akaongeza nyingine.

Kipindi cha pili hakikufika mbali. Ambrose alichuchumaa, akatapika, akashika kichwa. Ukimuuliza kitu, anajibu baada ya muda mrefu. Masumbuko akakimbia na chupa. "Jua limempiga! Anywe maji!" Na mimi nikapiga kelele hivyohivyo: maji, maji!

Mama Hilda, aliyekuwa amekuja kushangilia, aliziba mdomo wa chupa kwa kiganja. "Ngoja. Leo amekunywa kiasi gani?"

"Lita mbili na zaidi," Masumbuko akasema, "kama ulivyoandika."

Mama Hilda akanitazama. Loo, natamani asingenitazama.

"Asiongezewe hata tone," akasema. "Huenda amezidisha. Aliyeishiwa maji na aliyezidisha, kwa macho wanafanana. Mimi sijui ni lipi. Hospitali, sasa hivi."

Hospitali walimpima damu. Chumvi ya mwilini ilikuwa imeshuka, maji yameizidi. Wakamlaza wamwangalie.

Jioni mama yake, Beatrisi, akaingia kutoka Njombe, jarida mkononi. "Mama Hilda! Mtoto amekunywa kwa sababu ni wewe. Ingekuwa mtu mwingine asingekunywa!"

Mama Hilda akalisoma lile jarida taratibu, akalikunja. "Jina ni langu, Beatrisi. Pole sana, mwanangu." Hakuniangalia.

Nilisubiri anitaje. Hakunitaja. Nilijichukia pale, jamani.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye aliandika inategemea. Mimi nikafuta."

Beatrisi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinipa lile jarida, akaenda kukaa karibu na kitanda cha mwanawe.

Ambrose aliruhusiwa kesho yake. Masahihisho yalitoka ukurasa wa kwanza wa toleo lililofuata, na chini yake jina langu. Wiki hiyohiyo kocha mmoja wa Matembwe akanipigia.

"Katibu, acheni longolongo. Vijana wangu wanywe lita ngapi?"

"Inategemea," nikasema.

"Aa, mnatuchosha nyie!" Akakata simu.